"I was made to sign": ile "to" isiguswe

Juzi msomaji mmoja ameniandikia ujumbe ambao umenikaa moyoni. Anaandaa malalamiko kwa Kiingereza dhidi ya mwajiri wake wa zamani, aliyemshinikiza kusaini mkataba bila kumpa nafasi ya kuusoma. Aliandika "I was made to sign the contract". Kabla ya kutuma akamwonyesha mtu anayemwamini kwa Kiingereza, na huyo mtu akafuta "to" papo hapo, akamwambia: "make haichukui to, hilo kila mtu analijua." Sasa msomaji wangu ananiuliza ni nani yuko sahihi.

Wewe ndiye sahihi, dada. Irudishe "to" yako na uitume barua.

Nimejibu kwa haraka hivyo kwa sababu jambo hili limewahi kunifika. Wakati huo niko kazini, kijana, na kuandika ripoti za Kiingereza ndiyo kazi niliyokuwa naipenda kuliko zote. Katika ripoti moja niliandika "The visitors were made to wait outside", yaani wageni walilazimika kusubiri nje. Msimamizi wangu aliizungushia ile "to" duara jekundu, akasimama mbele ya wenzangu na kunisomea kanuni: baada ya make hakuna to. Nilijua nimeandika sawa. Nilikuwa nimeisoma sentensi ya namna hiyo mara nyingi katika vitabu na magazeti. Lakini nilipotakiwa kueleza kwa nini, sikuwa na maneno, na aliye na cheo hashindwi na mtu asiye na maelezo. Ripoti ikatoka ikisomeka "were made wait", na jina langu likiwa chini yake. Imepita miaka mingi, na bado duara lile linaniuma.

Tangu siku ile nilijiapiza kwamba sitaridhika na kanuni ya Kiingereza mpaka nijue inaishia wapi. Ile ya msimamizi wangu ni ya kweli, ila inaishia kwenye kauli ya kutenda. Anayelazimisha akitajwa kwanza, kitenzi cha pili kinakuja kitupu, bila "to" na bila alama yoyote ya wakati: "The guard made the visitors wait." Anayelazimishwa akishika nafasi ya mwanzo, "to" inarudi: "The visitors were made to wait." Ni make ileile na maana ileile. Kilichobadilika ni nani ametangulia, na badiliko hilo peke yake linaidai "to".

Tena make haiko peke yake. Angalia see na hear. Tunasema "I saw him leave", lakini "He was seen to leave". Ukiona vitenzi tofauti vinafanya jambo moja, ujue huo ndio utaratibu wa lugha. Hata historia inasaidia hapa. Zamani make ilichukua "to" hata katika kauli ya kutenda, na wanaosoma Biblia ya King James ya mwaka 1611 wanaikuta katika Zaburi ya 23: "He maketh me to lie down". Kiingereza cha leo kimeiacha "to" hiyo katika kauli ya kutenda na kuibakiza katika kauli ya kutendwa. Kwa hiyo mtu akikuambia "he made me to wait" si kosa kwa sababu ipo katika Maandiko, mwambie ilikuwa sahihi mwaka 1611. Leo mtahini ataikata.

Kuna jambo lingine kuhusu make ambalo naliona karibu kila wiki katika kazi ninazosahihisha. Mtu anaandika "The smoke made me coughed". Anafikiri kwa kuwa tukio limepita, kila kitenzi kivae wakati uliopita. Hapana. Wakati umeshabebwa na "made", kwa hiyo kinachofuata ni "cough" tu. Ukitaka kujua kama umekosea, badilisha kitenzi uweke kile ambacho wakati wake uliopita unaonekana kwa jicho, kama go. "The smoke made me went out" inakwaruza sikio hapo hapo. Basi "made me coughed" ina kasoro hiyohiyo, ila imejificha.

Nikiwa hapo, niseme kuhusu get, maana ndiyo inayowavuruga waliokwisha kuizoea make. Get inataka "to" tangu mwanzo, katika kauli ya kutenda: "I got him to sign." Ukiandika "I got him sign" umekosea. Nadhani inasaidia kujua get inabeba nini: ndani yake kuna juhudi. Umebembeleza, umeshawishi, umefuatilia, hatimaye mtu amekubali. Make inasema hakuwa na hiari. Have inasema uliagiza, na yeye akafanya kwa sababu ndiyo kazi yake. Let inasema ulimwachia afanye alichotaka.

Tofauti hiyo inaamua hata heshima. Mtu akiniandikia "I had my director sign the form", msomaji wa Kiingereza atamwona kama anayempa mkurugenzi wake maagizo. "I got my director to sign the form" inaonyesha kwamba ulimwendea, ukamweleza, akakubali. Kwa fundi uliyemlipa au msaidizi uliyemtuma, have inakaa vizuri: "I had the secretary type the letter." Na ujue kwamba matumizi haya ya have, mtu akifuatiwa na kitenzi kitupu, yamezoeleka zaidi katika Kiingereza cha Marekani kuliko cha Uingereza, ingawa pande zote mbili zinayaelewa.

Sasa tufike mahali ambapo pana hatari kubwa kuliko "to". Linganisha sentensi hizi mbili:

"I had typed the letter."

"I had the letter typed."

Maneno ni yaleyale matano. Ya kwanza inasema mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaichapa barua. Ya pili inasema nilimpa mtu mwingine aichape. Kilichohama ni "the letter" tu, kutoka mwisho wa sentensi hadi katikati, na mtenda kazi amebadilika. Katika wasifu wa kuombea kazi, kosa hili linaweza kukupa sifa ya kazi usiyoifanya, au likakunyang'anya ile uliyoifanya kwa mikono yako.

Njia ninayoitumia mimi, na ninayomfundisha kila anayenisikiliza, ni swali moja tu: nomino iliyofuata have au get, inatenda au inatendwa? "I had the secretary" – karani anachapa, anatenda, kwa hiyo kitenzi kitupu: "type". "I had the letter" – barua haichapi, inachapwa, kwa hiyo umbo la tatu la kitenzi: "typed". Kwa get ni hivyohivyo: "I got the secretary to type", lakini "I got the letter typed". Angalia kwamba barua ilipoingia, ile "to" ya get imeondoka yenyewe. Ukiandika "I got the letter to type", sasa inaonekana umepewa barua ili wewe uichape.

Nasisitiza umbo la tatu, si wakati uliopita. Kwa type huoni tofauti, kwa sababu yote mawili ni "typed". Chukua write: ni "I had the report written", kamwe si "wrote". Chukua cut, ambayo haibadiliki kabisa: "I had him cut my hair" na "I had my hair cut". Ya kwanza ni kitenzi kitupu, ya pili ni umbo la tatu, na macho hayawezi kuzitenganisha. Weka "do" mahali pa "cut" utaona: "I had him do my hair", "I had my hair done". Jaribio hili dogo limenitoa katika mabishano mengi, na laiti ningekuwa nalo siku ya duara jekundu, au lolote linalofanana nalo!

Tahadhari moja kuhusu umbo hilo. "I had my phone repaired" ni jambo nililoliagiza. "I had my phone stolen" hakuna aliyeliagiza. Ni balaa lililonipata. Muundo ni uleule, na Kiingereza kinaiachia akili ya msomaji ichague. Kwa kawaida haitatizi. Lakini katika maelezo rasmi, ambako kila neno linapimwa, mimi huandika "My phone was stolen" na nikaacha utata.

Rafiki zangu, ninachowaomba ni hiki: msikubali kanuni ya nusu kwa sababu aliyeisema ana sauti kubwa. Mtu akikuambia "make haichukui to", muulize: katika kauli ipi? Akikuambia "baada ya have weka umbo la tatu", muulize: nomino inatenda au inatendwa? Asiyeweza kujibu ameikariri. Wewe unayeandika ndiye utakayebeba barua hiyo, jina lako ndilo litakalokuwa chini, si lake.

Nimalizie na let, kwa sababu msomaji wangu ameitumia pia katika malalamiko yake, na hapo sina budi kumsahihisha. Ameandika "I was not let to read it". Let inafanana na make katika kauli ya kutenda: "They didn't let me read it", kitenzi kitupu. Lakini katika kauli ya kutendwa haiifuati make. Hapo Kiingereza huiweka let pembeni na kuchukua allow: "I was not allowed to read it". Let inakubali kutendwa pale inapofuatwa na neno la mwelekeo, kama "I was let in", yaani nilifunguliwa nikaingia.

Na kuna sentensi yake ya mwisho, ambayo ningeibadilisha kabla ya kitu kingine chochote. Anaeleza kwamba baada ya kusaini, wakamruhusu aondoke ofisini. Ameandika "After that they let me go". Kisarufi haina kosa. Lakini katika barua inayomhusu mwajiri, "they let me go" msomaji ataielewa kama walimwachisha kazi siku ileile, na kesi nzima itasomeka vingine. Aandike "After that they allowed me to leave the office".