Utawala, usimamizi na sera za umma: tofauti niliyoiona katika faili la mwalimu mmoja

«Nimepata diploma ya serikali, ninataka kuanza chuo hapa Bukavu. Utawala wa umma, usimamizi wa umma na sera za umma, si ni jambo moja lenye majina matatu?»

Ndugu yangu, nilifanya kazi katika ofisi ya shule moja ya msingi hapa Bukavu wakati elimu bila malipo ilipoanza, Septemba 2019, na hapo ndipo nilipoanza kuzitofautisha.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilikwisha kusema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya bure, lakini wazazi waliendelea kulipa primu ya walimu. Mtu wa sera huuliza kwa nini ahadi hiyo ilingoja miaka 13, na kama ilifaa kufuta malipo yote kwa mara moja au kuanza na darasa la kwanza na kupanda mwaka kwa mwaka. Pia hupiga hesabu, kwa sababu primu ambayo mzazi haitoi tena lazima itoke katika bajeti ya serikali.

Usimamizi niliuona darasani. Darasa letu la kwanza lilipanda kutoka watoto 48 hadi 91. Direkta akaligawa kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, na akamchukua mwalimu mpya.

Mwalimu huyo alifundisha miezi 14 bila mshahara, na faili lake ndilo lililonifungua macho. Utawala hushughulikia mamlaka, sheria na kumbukumbu: nani ana haki ya kuajiri, barua gani inathibitisha kazi, na jina linaingiaje katika orodha ya malipo. Yeye alikuwa na barua ya direkta, ila hakuwa na namba ya matrikule, kwa hiyo machoni pa serikali hakuwepo.

Hapa ndipo nyanja hizi zinapoingiliana, nami ninapendekeza kipimo kimoja: jiulize ni kitu gani kikibadilishwa mwalimu atalipwa. Kama bajeti haikuwahesabu walimu wapya, kasoro ni ya sera; kama fedha zipo na faili limelala mezani, ni ya utawala; kama direkta aliajiri bila kuuliza nafasi zilizoidhinishwa, ni ya usimamizi. Kwetu zilikuwa mbili: faili lilipotea mara moja njiani, na hata lilipopatikana hapakuwa na nafasi katika bajeti ya mwaka ule.

Usishangae vitabu vikigombania mipaka. Utawala ni wa zamani zaidi, na wengi huanzia kwenye makala ya msomi Mmarekani Woodrow Wilson ya 1887. Usimamizi ulipata nguvu miaka ya 1980, Uingereza na Nyuzilandi zilipoleta serikalini mbinu za makampuni. Ukipenda sheria na taratibu, anza na utawala. Ukipenda uchumi na takwimu, sera. Ukipenda kupanga watu na fedha ndani ya taasisi moja, usimamizi. Ila popote utakapoanza, omba mafunzo ya kazi katika ofisi inayopokea mafaili ya walimu.