Ziada milioni 4.5, benki milioni 1.9: kusoma hesabu za AMCOS ya tumbaku

Mjumbe mpya wa bodi akikabidhiwa kabrasha la hesabu za mwaka, macho hukimbilia mstari mmoja tu: ziada. Akiona tarakimu haina mabano anafunga kabrasha na kusubiri chai ya kikao. Mstari huo una maana yake, lakini mahali ambapo AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika, za tumbaku huku Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui huumia ni ukurasa unaofuata, kwenye neno moja: wadaiwa. Makala hii inakaa zaidi hapo.

Tuanze na mabano. Tarakimu iliyofungwa kwenye mabano ni ya kutoa. Ziada ikiandikwa (1,500,000), hiyo ni hasara ya milioni moja na nusu. Safu mbili za tarakimu zilizo upande wa kulia ni mwaka huu na mwaka jana, na namba ndogo iliyo katikati, kati ya jina la mstari na tarakimu, ni namba ya maelezo. Maelezo yako nyuma ya kabrasha. Watu wengi hawafiki huko, nako ndiko mambo yalikofichuliwa.

Ukurasa wa mapato na matumizi huwashtua wageni kwa sababu moja. Tuchukue chama cha mfano kilichouza kilo 400,000. Hata bei ikiwa shilingi 5,000 kwa kilo, hiyo ni bilioni 2, lakini mstari wa kwanza wa mapato unasema milioni 40. Hakuna aliyeiba. Fedha ya tumbaku ni ya mkulima, chama ni mlango tu inamopitia. Mapato ya chama ni ushuru wake, tuseme shilingi 100 kwa kila kilo, na 400,000 mara 100 ndiyo hiyo milioni 40. Hesabu hii ni ya kwanza kuifanya mwenyewe kwa kikokotoo: chukua jumla ya kilo kutoka karatasi za mauzo za masoko yote, zidisha kwa kiwango cha ushuru kilichopitishwa na mkutano mkuu. Ukipata milioni 40 na hesabu zinasema 37, kuna soko ambalo ushuru wake haukuandikwa, au kuna belo zilizohesabiwa sokoni zisifike kwenye vitabu.

Kwenye chama chetu cha mfano kuna pia kodi ya pango la ghala na viingilio vya wanachama wapya, na jumla ya mapato inafika milioni 42.7. Matumizi ni milioni 38.2: mishahara ya meneja na karani, posho za vikao, mkutano mkuu, ulinzi wa ghala, usafiri, ukaguzi, makato ya benki. Mistari hiyo inajieleza. Ilinganishe na makisio yaliyopitishwa, na pale palipozidi omba hati za malipo. Mstari mmoja tu haujielezi, nao ni uchakavu, milioni 2.5. Hakuna mtu aliyelipwa fedha hiyo. Ni thamani iliyopungua kwenye ghala, mizani na pikipiki kwa kutumika mwaka mzima. Ukumbuke, tutauhitaji baadaye.

Ziada ni milioni 4.5. Sasa fungua mizania, ambayo wakaguzi huiita taarifa ya hali ya kifedha. Tarakimu hapa ni za milioni za shilingi:

| | Mwaka huu | Mwaka jana |
|---|---|---|
| Mali za kudumu | 38.0 | 40.5 |
| Wadaiwa | 20.2 | 9.0 |
| Benki na taslimu | 1.9 | 6.1 |
| Jumla ya mali | 60.1 | 55.6 |
| Wadai | 20.6 | 20.6 |
| Hisa na akiba | 35.0 | 35.0 |
| Ziada ya mwaka | 4.5 | – |
| Jumla | 60.1 | 55.6 |

(Wadai tumewaacha pale pale ili mfano usichanganye. Mwaka jana ziada yake imeshaingizwa kwenye akiba.)

Wadai na wadaiwa vinatofautiana kwa silabi moja na vinakaa pande mbili zinazopingana. Wadai ni wanaotudai sisi: benki, msambazaji wa pembejeo, mlinzi ambaye hajalipwa mwezi wa mwisho. Wadaiwa ni tunaowadai sisi, kwa hiyo wanahesabiwa kuwa mali. Tumesikia wajumbe wakipongeza kupanda kwa wadaiwa kwa kuwa "mali ya chama imeongezeka". Imeongezeka kweli, ila kwenye karatasi.

Angalia mstari wa benki. Chama kimepata ziada ya 4.5, na bado fedha imeshuka kutoka 6.1 hadi 1.9, yaani pungufu ya 4.2. Swali ambalo mkulima atakuuliza kwenye mkutano mkuu ni hilo hilo: ziada iko wapi? Jibu lake liko kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, na hesabu yake ni fupi. Anza na ziada, 4.5. Rudisha uchakavu, 2.5, kwa sababu haukutoka mfukoni, unapata 7.0. Hiyo ndiyo fedha ambayo shughuli za mwaka zingeacha kama kila mtu angelipa. Kisha toa ongezeko la wadaiwa, kutoka 9.0 hadi 20.2, ambalo ni 11.2. Saba kutoa 11.2 ni (4.2). Ziada yote imekaa kwa watu, na sehemu ya akiba ya benki imewafuata huko.

Ni watu gani? Hapo ndipo unakwenda kwenye maelezo ya wadaiwa. Kwenye chama hiki milioni 3.0 ni ushuru wa soko la mwisho ambao mnunuzi hajalipa. Deni la namna hiyo mara nyingi halina shida. Uliza tarehe ya kulipwa, kisha tazama taarifa ya benki ya miezi inayofuata kama fedha iliingia. Milioni 17.2 zilizobaki ni deni la pembejeo kwa wanachama, na hizo ni habari nyingine.

Deni hili linazaliwa hivi. Chama kinakopa benki kwa jina lake, ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu na Mrajis wa Vyama vya Ushirika, kisha kinagawa mbolea, dawa na nyuzi kwa wakulima. Msimu wa masoko ukifika, makato yanafanyika kwenye mauzo kabla mkulima hajapata chake. Mkulima aliyevuna kilo chache kwa sababu ya mvua, au aliyepitisha tumbaku yake kwa jina la shemeji wa chama jirani, anabaki na deni ambalo makato hayakulimaliza. Benki haimjui yeye, inakijua chama. Chama kinalipa kwa fedha zake, na jina la mkulima linahamia kwenye wadaiwa.

Omba mchanganuo wa deni hilo kwa misimu. Usikubali jumla peke yake. Kwenye mfano wetu unatoka hivi: milioni 8.2 ni za msimu huu, milioni 3.0 za msimu uliopita, na milioni 6.0 zina zaidi ya misimu miwili. Hizi sita ndizo za kutazama majina. Kwa kawaida utakuta aliyefariki, aliyehamia mkoa mwingine, aliyeacha tumbaku akalima alizeti, na wakati mwingine, tuseme ukweli, mjumbe wa bodi iliyopita. Asiyelima tumbaku tena hakatwi sokoni, kwa hiyo njia ya kawaida ya kumdai imeshafungwa.

Deni la namna hiyo linapaswa kuwekewa tengo, yaani kiasi kinachoingizwa kwenye matumizi kwa kukiri kwamba huenda fedha haitapatikana. Tafuta mstari wa tengo la madeni yasiyolipika. Kwenye hesabu hizi haupo. Uweke mwenyewe kwa penseli: matumizi yanapanda kwa 6.0, na ziada ya 4.5 inageuka hasara ya (1.5). Wadaiwa wanashuka hadi 14.2. Mstari wa benki hauguswi, unabaki 1.9 kama ulivyokuwa. Kwa hiyo ziada iliyokuwa ikishangiliwa ilitegemea imani kwamba watu waliohama watarudi kulipa. Kuweka tengo si kumsamehe mtu, leja yake inabaki wazi na anaendelea kudaiwa. Kufuta deni ni jambo jingine kabisa, na bodi haiwezi kuliamua peke yake.

Kabla ya kuwalaumu wakulima, hakikisha tarakimu yenyewe. Jumla ya salio za leja zote za wanachama lazima iwe 17.2 kamili. Ikizidi au ikipungua, kuna kosa kwenye leja au mtu amejazia ili mizania ilingane. Kisha chagua majina kumi bila kumwambia karani mapema, uyaombe karatasi zao za mauzo. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni makato yaliyofanyika sokoni bila kuingizwa kwenye leja: mkulima ana karatasi inayoonyesha amekatwa laki nne, leja inasema bado anadaiwa laki nne zile zile. Likitokea kwa mmoja huwa ni usahaulifu. Likitokea kwa watatu kati ya kumi, simamisha kikao na umwombe mhasibu apitie soko zima, kwa kuwa fedha hiyo ilikatwa na ni lazima iko mahali.

Angalizo moja kuhusu tarehe. Kama mwaka wa hesabu umefungwa kabla malipo ya masoko yote hayajaingia, wadaiwa na wadai watavimba kwa pamoja, maana mkopo wa pembejeo unaonekana pande zote mbili. Hilo peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni pale wadaiwa wanapopanda huku wadai wakiwa wamesimama, kama kwenye jedwali letu, kwa sababu maana yake benki imeshalipwa na aliyelipa ni chama.

Mstari wa benki nao usisomwe kwa mhasibu peke yake. Omba ulinganisho wa benki wa siku ya kufunga mwaka, uweke karibu na taarifa iliyotoka benki. Tofauti ziwe na majina: hundi namba fulani haijawasilishwa, amana ya tarehe fulani haijaonekana. Tofauti iliyoandikwa "nyinginezo" irudi kwa mhasibu ikafafanuliwe.

Ripoti ya mkaguzi, kwa vyama vingi ni COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, iko mwanzoni mwa kabrasha. Isome baada ya kufanya haya, ukitafuta aya inayotaja wadaiwa. Karibu kila mara ipo, na karibu kila mara mwaka jana pia ilikuwepo kwa maneno yale yale.

Kisha linakuja pendekezo la kugawa ziada. Mtu atasema, tumepata 4.5, tuwape wanachama angalau milioni 2 wafurahi. Benki ina 1.9. Hata mkizoa yote mnapungukiwa laki moja, na mlinzi wa ghala hajalipwa mwezi wake.