Umeme ukikatika risiti ikiwa nusu

"Umeme ukikatika risiti ikiwa nusu, ichapishwe tena au muuzaji apige mauzo upya?"

Ichapishwe tena mkuu, namba ileile, na neno NAKALA juu. Kuna jamaa anasema printa ikishapokea data kazi imeisha. Ni nusu kweli: data inakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya printa, na umeme ukienda inafutika. Tableti yenye programu ya mauzo ina betri, kwa hiyo inaendelea kuamini imechapisha.

Nilijaribu kwenye duka la dagaa Mwaloni Kirumba. Nawe jaribu hivi: weka bidhaa 20 ili karatasi ichukue muda, bonyeza Lipa, na mstari wa tano ukitoka chomoa waya wa printa, sio wa tableti. Ukirudisha, angalia mauzo ni moja, stoo imepungua mara moja, na nakala ina saa ya mauzo yenyewe, sio ya kuchapishwa. Sisi saa ndiyo iliyotuumbua. Kisha rudia ukichomoa kabla karatasi haijaanza kutoka, na uone kama programu inajiunga tena na printa bila kuzimwa.

Programu inaweza kuiuliza printa hali yake, ila printa nyingi za bei rahisi hazijibu. Bora imuulize muuzaji: "Risiti imetoka yote?" Mteja asiondoke na nusu tu.

Dada uliyeuliza kuhusu risiti za EFD, hii ni risiti ya duka tu. Ya TRA ina utaratibu wake, usiichapishe kwa njia hii.