Mafuta yakimiminika kikaangoni: usiiachie simulesheni mkondo mzima

Mteja wa mafuta ya kupikia karibu kila mara anataka picha ileile: mkondo wa rangi ya dhahabu unaoshuka polepole kutoka kwenye chupa hadi kikaangoni. Kuipiga kwa kamera inawezekana kabisa. Lakini chupa ikiwa na lebo ambayo bado haijachapishwa, au mteja akitaka kubadilisha pembe kila Jumatatu, kazi inahamia kwenye 3D. Mimi natumia programu ya Blender, nikiwa Sinza, na nitaeleza jinsi ninavyofanya mafuta hayo yaonekane mafuta kweli.

Nianze na faili aliloniletea kijana mmoja ninayefanya naye kazi. Alikuwa ameweka chupa, kikaango na nafasi yote ya katikati ndani ya Domain moja, yaani sanduku ambamo simulesheni inafanyika, yenye urefu wa sentimita 40, Resolution Divisions 128. Mkondo ulitoka vizuri mdomoni mwa chupa, halafu ukifika karibu na kikaango unakatikakatika na kuwa matone.

"Kaka, nimeongeza mnato mpaka basi," akaniambia, "sasa juu imekuwa asali na chini bado inakatika."

Mnato haukuwa na kosa. Chukua kalamu tupige hesabu. Mafuta yanatoka mdomoni yakiwa na kasi ya kama mita 0.4 kwa sekunde, na mkondo wenye kipenyo cha milimita 10. Yakishuka sentimita 20, uvutano wa dunia unayafikisha karibu mita 2 kwa sekunde. Kiasi kinachopita kila sekunde ni kilekile, kwa hiyo kasi ikipanda mara tano, eneo la mkondo linapungua mara tano, na kipenyo kinabaki milimita 4.5 hivi. Sasa rudi kwenye Domain yake: sentimita 40 ukigawa kwa 128, kila kijisanduku cha hesabu kina upana wa milimita 3 na kidogo. Mkondo wa milimita 4.5 ndani ya vijisanduku vya milimita 3 hauna pa kukaa. Kompyuta inauona mara upo, mara haupo, ndiyo maana unakatika.

Dawa ya haraka ni kupandisha Resolution Divisions, na hapo ndipo watu wengi huchoma usiku kucha. Ukitaka angalau vijisanduku sita ndani ya unene ule, kila kimoja kiwe na milimita 0.75. Domain yenye upana wa sentimita 26 na urefu wa sentimita 40 itadai vijisanduku zaidi ya milioni 60. Vingi kati ya hivyo vitakuwa na hewa tupu, pembeni ya mkondo ambao kwa kweli haufanyi lolote la ajabu.

Hili la mwisho ndilo la kushika. Mafuta ya alizeti yakiwa na joto la kawaida yana mnato wa takriban mara 50 ya maji. Kwa unene na kasi tulizotaja, yanateremka yametulia, hayana vurugu ya maji ya bomba. Mkondo ukishatengemaa, umbo lake linajulikana kwa hesabu ile ya kalamu. Basi uchore mwenyewe: curve moja iliyosimama, juu milimita 10, chini milimita 4.5. Usiipunguze kwa mstari ulionyooka. Inakonda upesi karibu na chupa, kisha taratibu kadiri inavyoshuka. Ukiweka bomba lenye unene mmoja juu hadi chini, mtazamaji hatakwambia kasoro ni nini, ila ataona plastiki.

Simulesheni iachie kikaango tu, mahali ambapo mafuta yanapiga, yanasambaa na kupandana. Domain ya sentimita 26 kwa 26 yenye kimo cha sentimita 6, Resolution Divisions 256, inakupa vijisanduku vya milimita 1, na jumla haifiki milioni 4. Inflow, yaani chanzo cha mafuta, iwe silinda ndogo ndani ya Domain, chini kidogo ya paa lake, yenye kipenyo cha mkondo pale unapofika, na Initial Velocity ya mita 2 kwa sekunde kuelekea chini. Kwenye mnato weka Base 5 na Exponent 5. Mafuta yakianza kujikunja na kujilimbika yanapodondokea, umeshavuka mpaka na kuingia kwenye asali, rudi nyuma. Na kwa jinsi umeme wa mjini ulivyo, chagua Cache Type ya Modular au All na uweke alama kwenye Is Resumable kabla ya kubonyeza Bake.

Vipande viwili usiviache vikigusana tu, kwa sababu mafuta ni angavu na nyuso za ndani zitaonekana kama mkato. Viunganishe kwenye Geometry Nodes: Curve to Mesh kwa ile curve ya mkondo, kisha Join Geometry, kisha Mesh to Volume, kisha Volume to Mesh. Vinatoka vikiwa ngozi moja.

Mkondo uliochorwa una hatari yake: kusimama kama fimbo. Mkono wa mpishi hutikisika kidogo, na mtu huchukua curve yote akaiyumbisha kwa pamoja. Mafuta hayafanyi hivyo. Yakishatoka kwenye chupa hayajui tena chupa imekwenda wapi, yanaanguka tu. Safari ya sentimita 20 inachukua kama sekunde 0.16, yaani fremu 4 kwenye video ya fremu 25. Matangazo mengi ya namna hii hupunguza mwendo, tuseme mara kumi, hivyo chupa ikisogea leo kwenye fremu ya 100, sehemu ya chini isogee kwenye fremu ya 140 hivi. Ukiweka ucheleweshaji huo, mkondo unapata maisha bila simulesheni yoyote. Kumbuka Time Scale ya kikaango nayo iwe 0.1, la sivyo juu kutakuwa polepole na chini kunakimbia.

Tumebakiwa na dhahabu. Kosa ninaloliona sana ni kuipaka rangi ya njano kwenye Base Color. Ukifanya hivyo, mkondo wa milimita 5 unakuwa mzito wa rangi sawasawa na chupa ya sentimita 7, wakati ukimimina mafuta yaliyosafishwa jikoni kwako utaona mkondo ni mweupe-mweupe kuliko chupa. Rangi inatokana na kina ambacho mwanga umepita. Acha uso uwe angavu bila rangi, IOR 1.47, halafu unganisha Volume Absorption kwenye tundu la Volume: nyekundu 1, kijani 0.92, bluu 0.1, Density 50, mradi umejenga kwa vipimo halisi. Kwa namba hizo mkondo unanyonya karibu asilimia 20 ya bluu, na chupa inainyonya karibu yote.

Hapo mteja atalalamika kwamba mkondo haujakolea. Usikimbilie Density, chupa itageuka kahawia. Mkondo ni lenzi, unageuza na kuvuta ndani kile kilicho nyuma yake. Weka nyuma ubao unaong'aa wa rangi ya machungwa hafifu, na ubao mweusi kila upande, nje ya fremu. Kingo zinapata mstari wa giza, katikati panawaka, na dhahabu anayoitaka inatoka kwenye ule ubao.