Kichomi cha ubavuni: kwa nini kinakushika ukikimbia muda mfupi baada ya kula

Kichomi cha mkimbiaji kina tabia zake. Hakianzi ukiwa umekaa. Huja ukishakimbia dakika kadhaa, hukaa sehemu moja unayoweza kuionyesha kwa vidole viwili, mara nyingi chini ya mbavu upande wa kulia, na ukisimama hupungua bila dawa. Kikiwa kidogo kinavuta tu. Kikikolea kinachoma hadi unashindwa kuvuta pumzi ndefu. Wengine husikia pia maumivu kwenye ncha ya bega, jambo linaloshangaza kwa sababu bega halihusiki kabisa na mlo.

Maelezo yanayosikika zaidi viwanjani ni kwamba damu imekwenda tumboni kusaga chakula, kwa hiyo kiwambo, yaani ule msuli wa kupumulia unaotenganisha kifua na tumbo, unakosa damu na kukaza. Wengine husema ni wengu limevimba. Yote mawili yanaingia akilini haraka, lakini yanakwama ukiyapima. Wapanda farasi na ngamia hushikwa na kichomi hiki hiki, na wao hawahemi kama mkimbiaji. Watafiti wawili wa Australia, Darren Morton na Robin Callister, walichapisha mwaka 2000 matokeo ya kuwauliza wanamichezo wa michezo sita. Kati ya wakimbiaji, asilimia 69 walisema kichomi kiliwapata katika mwaka uliopita, na kwa wapanda farasi ilikuwa asilimia 62. Kwa waendesha baiskeli ilikuwa asilimia 32 tu, ingawa mwendesha baiskeli anahema sana. Baadaye wawili hao walipima upumuaji wa watu wakiwa katikati ya maumivu, wakakuta mapafu yao yanafanya kazi kama kawaida. Msuli wa kupumulia uliokaza usingeruhusu hilo.

Kinachowaunganisha mkimbiaji na mpanda farasi ni kurushwa juu na chini kwa kiwiliwili, tena na tena. Mwogeleaji harushwi, lakini hujipinda kila anapovuta mkono, naye kichomi kinamsumbua sana. Kwenye baiskeli kiwiliwili kimetulia. Hapo ndipo pa kuangalia.

Ukuta wa tumbo kwa ndani umetandwa na utando mwembamba, na viungo vya tumboni navyo vimefunikwa na utando wa aina hiyo. Kati ya tando hizo mbili kuna majimaji kidogo yanayozifanya ziteleze. Ule wa ukutani unahisi sana, kwa sababu unapata mishipa ya fahamu ileile inayohudumia ngozi na misuli ya tumbo. Ndiyo maana maumivu yake unayajua mahali yalipo hasa, tofauti na msokoto wa utumbo unaoenea tumbo zima. Na ile sehemu ya utando iliyo chini ya kiwambo inahudumiwa na mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka shingoni, eneo lilelile linalopokea hisia za bega. Ubongo unachanganya anwani, na bega linauma. Kusuguliwa kwa utando huu ndiyo maelezo yanayokubaliana vizuri zaidi na dalili zote: mahali pa maumivu, bega, farasi, na mlo.

Sasa mlo unaingiaje? Tumbo lililojaa linatanuka na kuukaribia ukuta, na kila hatua inaongeza msuguano. Kwa hiyo kiasi kina uzito kuliko aina ya chakula. Sahani ya wali maharage iliyojaa inamsumbua mtu mwembamba wa kilo 50 kuliko mwenye kilo 80, kwa sababu nafasi ni ndogo. Aina ya chakula inaamua zaidi muda wa kukaa tumboni: chapati iliyokolea mafuta, nyama ya kukaanga na maharage hukaa saa tatu hadi nne, wakati ndizi mbivu au kipande cha mkate mkavu hutoka mapema zaidi.

Kitu ambacho watu wengi hawakishuku ni kinywaji. Maji matupu hayakai. Kiasi kikubwa kinaondoka tumboni ndani ya nusu saa. Juisi nzito na soda ni habari nyingine. Sukari ikizidi, tumbo linachelewesha kuachilia kinywaji kwenda kwenye utumbo, na kikifika huko kinavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni mpaka kizimuke. Matokeo yake unakimbia na tumbo lililojaa pamoja na utumbo uliojaa, ingawa unajiambia hukula kitu. Katika majaribio ya watafiti, vinywaji vyenye sukari nyingi ndivyo vilivyoleta kichomi kuliko maji au vinywaji vya michezo vya sukari kidogo.

Tuchukue mfano wa mtu wa ofisini anayekimbia jioni. Amekula wali kwa maharage na mchicha saa 7 mchana, sahani ya kawaida. Saa 10:30 jioni njaa inauma, anakula mandazi mawili na kunywa nusu lita ya juisi ya ukwaju. Saa 11 kamili anaanza kukimbia, tena kwa kasi kwa sababu giza linakuja. Dakika ya 12 kichomi kinamshika chini ya mbavu za kulia. Kesho yake anaacha kula mchana, na jioni kichomi kinarudi vilevile.

Hapo kosa limewekwa pasipo pake. Ule wali una saa nne tumboni. Sehemu kubwa imeshashuka. Hesabu ile juisi. Ikiwa imetengenezwa kwa vijiko vitano vya mezani vya sukari kwa nusu lita, hiyo ni kama gramu 60, yaani asilimia 12. Kinywaji kinachopita tumboni bila kukwama kiko karibu na asilimia 6, nusu yake. Juu ya hapo kuna mandazi, ambayo ni unga na mafuta, nayo yana nusu saa tu.

Marekebisho yake ni madogo. Chakula cha mchana kibaki. Kitafunwa kisogezwe hadi saa 9:30 alasiri, saa moja na nusu kabla ya kukimbia, na badala ya mandazi iwe ndizi mbivu moja au vipande viwili vya mkate bila siagi. Juisi ainywe akirudi. Kama hawezi kuiacha, achanganye nusu juisi na nusu maji, na anywe robo lita tu pamoja na hicho kitafunwa. Nusu saa kabla ya kuanza, maji matupu nusu glasi yanatosha. Kisha dakika kumi za kwanza akimbie kwa mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima. Abadili jambo moja kwa wiki, aanze na juisi, ili ajue lipi lilikuwa linamchoma. Anayebadili yote siku moja hupona bila kujua sababu, na baada ya mwezi amerudia palepale.

Kwa mlo mkubwa kweli, kama pilau la sherehe au ugali kwa nyama, acha saa tatu zipite. Mbili ni pungufu kwa watu wengi, ingawa wapo wanaokimbia baada ya saa moja na wasisikie kitu. Na ukiwa unakimbia kwa muda mrefu, maji yanywe kidogo kidogo, mafunda matatu au manne kila robo saa. Kumeza chupa nzima kwa mkupuo mmoja kwenye kituo cha maji kunajaza tumbo upya katikati ya mbio.

Kikishakushika, punguza mwendo hadi utembee. Inama mbele kidogo, tafuta mahali panapochoma na upakandamize kwa vidole viwili au vitatu kuelekea ndani na juu. Huku umekandamiza, toa pumzi polepole kupitia midomo uliyoibana, kama unapuliza moto wa jiko, hadi pumzi ikaribie kuisha, kisha vuta pumzi ndefu. Rudia mara kadhaa. Kuinama na kukandamiza kunabadilisha jinsi ukuta wa tumbo unavyokutana na viungo vya ndani. Mkanda mpana uliofungwa kwa kubana kiasi tumboni umeonekana kusaidia kwa njia hiyohiyo, ingawa binafsi naona ni kero kwenye joto la pwani. Kunyoosha mkono wa upande unaouma juu ya kichwa na kujipinda upande wa pili kunawasaidia wengine; jaribu kama kukandamiza hakujatosha. Maumivu yakiisha, anza tena taratibu. Ukirudi mara moja kwenye kasi ileile, kitarudi nacho, kwa sababu tumbo halijapungua kitu.

Lipo pia suala la mgongo. Waliopinda mgongo wa juu na kuinamisha mabega hupata kichomi zaidi, na kwa uchungu zaidi. Mishipa ya fahamu inayohudumia utando wa tumbo inatokea kwenye pingili za mgongo wa kifuani, na kwa baadhi ya watu kubonyezwa pingili hizo kunaamsha maumivu yaleyale ya ubavuni. Ukiwa umepanga mlo na vinywaji vizuri na bado kinakuja kila mara, angalia unavyokaa kwenye kiti siku nzima kabla hujalaumu chakula tena.

Kichomi cha mlo kinaisha ndani ya dakika chache za kupumzika, ingawa kikiwa kikali kinaweza kuacha uchungu kidogo hadi siku inayofuata. Maumivu yanayobaki au kuongezeka ukiwa umelala si haya. Yakishuka chini upande wa kulia pamoja na homa na kutapika, huenda ni kidole tumbo. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa na kikohozi pamoja na kuchoma unapovuta pumzi ni dalili za nimonia. Kubanwa kifuani kunakoenda mkononi au kwenye taya unapojitahidi, hasa kwa aliyevuka miaka 40, ni suala la moyo na haliponi kwa kukandamiza ubavu. Na mwenye selimundu, au aliyeambiwa kwamba malaria imemvimbisha wengu, akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto asimame na apimwe kabla ya kukimbia tena, maana wengu lililovimba linaweza kupasuka.