Pepa za nyumbani 83, mtihani 47: namba ambazo sikuzijaribu

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Shikamoo kaka. Mimi pepa za miaka ya nyuma nikifanya mwenyewe napata mpaka 80, ila mtihani wenyewe ukija naangukia kwenye 40 na kitu, na nikiangalia maswali ni yale yale tu. Shida yangu ni nini?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeurudia mara tatu, maana hiyo ni stori yangu mimi, umebadilisha namba tu. Mimi nyumbani nilikuwa napata 83, mtihani wa hesabu ukanipa 47, nikarudia, na safari hii (matokeo yametoka juzi, niacheni nijisifu kidogo) nimepata 71. Katikati hapo sikuongeza hata saa moja ya kusoma. Nilichobadilisha ni namna ya kujikagua.

Ngoja nianze na swali lililonimaliza, bado nalikumbuka mpaka lilivyokaa kwenye karatasi:

x² > 9, tafuta x.

Mimi nikaandika x > 3, nikapiga mstari chini kwa rula kabisa. Na usidhani sikukagua, nilikagua! Nikachukua 4, kipeo chake cha pili ni 16, ni kubwa kuliko 9, safi. Nikachukua 5, ikaja 25, safi. Nikachukua 10, ikaja 100, nikacheka mwenyewe. Namba tatu zote zimekubali, sasa ningeshuka vipi moyo? Jibu kamili ni x > 3 au x < −3, kwa sababu −4 nayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata 16. Nusu ya jibu sikuwa nayo, na ukaguzi wangu wote haukunusa kitu.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba wiki mbili kabla ya mtihani, dada mmoja kwenye kikundi chetu cha kusoma aliniuliza kwa upole kabisa, "Umejaribu na namba hasi?" Nikamjibu "hizo haziji" nikafunua ukurasa. Haziji! Yaani nilikuwa naongea kama mtu aliyetunga mtihani mwenyewe. Yeye alipita mara ya kwanza, na sijawahi kumwambia kwamba alikuwa sahihi, labda atasoma hapa.

Sasa angalia nilichokuwa nafanya. Kila namba niliyochukua kukagua niliitoa ndani ya jibu langu mwenyewe. Nilishaamini x > 3, kwa hiyo nikachukua namba kubwa kuliko 3, halafu nikashangilia zilipokubali. Ni kama unataka kujua nani kaachwa nje ya orodha ya wageni, halafu unakwenda kuwauliza wale walioko kwenye orodha. Wote watakwambia tupo.

Hii tabia wataalamu wa saikolojia wameichunguza siku nyingi, kutafuta ushahidi wa kukuunga mkono tu. Mwaka 1960 Peter Wason wa London alifanya jaribio dogo sana. Aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia hizi zinafuata kanuni fulani niliyonayo kichwani, nitajieni namba tatu nyingine nami nitasema zinafuata au hazifuati, na mkiwa na uhakika kabisa ndio mniambie kanuni. Wengi wanafikiria "zinaongezeka kwa mbili", wanasema 8, 10, 12, wanajibiwa ndiyo, wanasema 20, 22, 24, ndiyo, wanatangaza kanuni, wanakosea. Kanuni yake ilikuwa ni namba zinazopanda tu, hata 1, 7, 50 ingekubalika. Katika watu 29, ni 6 tu waliofika kwenye kanuni sahihi bila kwanza kutangaza ya uongo. Ambaye angejaribu 1, 2, 3 mapema, yaani mfano ambao kanuni yake yeye inaukataa, angeshtuka palepale.

Nilipokutana na hilo jaribio nilijiona mimi na 4, 5, 10 zangu. Kanuni yangu ilikuwa nyembamba kuliko ukweli, na kanuni ikiwa nyembamba, mifano ya ndani haiwezi kukushtua hata ujaribu elfu moja. Lazima utoke nje.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachofanya siku hizi: nikishapata jibu, nachukua kitu ambacho jibu langu linakikataa, nakirudisha kwenye swali lenyewe nione kama nalo linakikataa. Lakini hapa kuna mtego, na mimi nimeudumbukia. Ukichukua 2, jibu linaikataa na swali linaikataa (4 sio kubwa kuliko 9), unaona raha, unaenda. Ila 2 ni jirani tu wa nje, ni namba chanya ya aina ile ile uliyozoea kuifikiria. Inabidi uchukue za aina tofauti: moja hasi, sifuri, moja ya sehemu kama nusu, na ile ya mpakani, hapa ni 3 yenyewe. Dakika moja inatosha. Na hata zote zikikubali haimaanishi umethibitisha, ila angalau umekipa kosa nafasi ya kujionyesha.

Sio hesabu tu jamani. Kwenye baiolojia nilikariri "ateri zinabeba damu yenye oksijeni", nikajikagua na aota, sawa, na ateri ya mkono, sawa, na ya figo, sawa. Ningejiuliza tu ni wapi hii sentensi inaweza kuvunjika, ningefika kwenye mapafu, maana damu inakwenda huko kufuata oksijeni, sasa ateri inayoipeleka itakuwa imebeba oksijeni ipi? Ateri ya mapafu inabeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha. Kanuni yenyewe ni kwamba ateri inatoa damu kwenye moyo, basi. Mifano yangu mitatu ilikuwa sahihi yote na haikunisaidia chochote.

Haya, tuje kwenye ile 83, maana hapo ndipo pana aibu yenyewe. Ile 83 nilijipa mimi. Nilikuwa nasahihisha na mwongozo wa majibu pembeni, na ukinitazama ungeona kitu cha ajabu. Jibu likifanana na mwongozo, napiga vema nasonga mbele, siangalii hata njia niliyopita. Jibu likitofautiana, hapo ndio nakuwa hakimu, naanza kusoma swali upya, "lakini swali halikueleweka", "hapa nilijua, ni kalamu tu iliteleza", naweka nusu alama. Wakati mwingine nilisema mwongozo umekosewa chapa! Sasa chukua maswali 20 kila moja ulijionea huruma kidogo, unapata 83 ya hewa.

Hili nalo lina jina lake la kisomi lakini habari yake ndiyo nzuri. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper waliwaonyesha wanafunzi wa chuo tafiti mbili kuhusu adhabu ya kifo, moja inasema inapunguza mauaji na nyingine inasema haipunguzi. Kila upande uliikagua kwa ukali ile usiyoipenda, ile waliyoipenda wakaipitisha kirahisi, mwisho wakatoka wameshikilia msimamo zaidi kuliko walivyoingia, na wote walisoma karatasi zile zile. Miaka mitano baadaye Lord na Lepper, wakiwa na mwenzao mwingine, wakarudi na swali la dawa ya tabia hiyo. Kuwaambia watu "kuwa mkweli, usipendelee" hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwaambia wajiulize: utafiti huu huu, kwa njia hizi hizi, ungeleta matokeo ya upande wa pili, ningeupima hivi hivi?

Kwa hiyo wewe unayejiapiza "leo nitajisahihisha kwa haki", pole, niliapa mara nyingi kukuzidi. Geuza upande. Ukipata swali, uliza: jibu lisingefanana na mwongozo, hii njia yangu ningeipitisha? Pale ndipo niligundua maswali kadhaa niliyopatia kwa bahati, makosa mawili yalikuwa yamefutana. Ukikosa, uliza: daftari hili lingekuwa la yule ndugu ninayeshindana naye, ningempa nusu alama kwa kalamu kuteleza? Mimi nisingempa, najijua. Rahisi zaidi ni kubadilishana madaftari, ukimpata mtu asiyekuonea aibu.

Kingine nilichoanza, na hiki ndicho kilichonivua nguo: kabla ya kufungua mwongozo naandika pembeni ya kila jibu uhakika wangu kwa asilimia, kwa wino, sio penseli. Bila hivyo ukishaliona jibu kichwa kinakudanganya kwamba ulikuwa unalijua tangu mwanzo. Mwezi wa kwanza nilikuwa na majibu 40 niliyoyaandikia 90 kwenda juu. Yaliyokuwa sahihi ni 30. Robo nzima ya vitu nilivyokuwa na uhakika navyo vilikuwa vya uongo, na hivyo ndivyo nilivyokuwa sivisomi kabisa, kwa sababu "hivi navijua". Nilikuwa narudia yale yenye 50, huku mashimo yako kwenye yale ya 90.

Kwa hiyo sasa hivi ninaporudia kusoma naanza na yale niliyoyaandikia 90 nikakosa. Watu wengi mnaanza na mnachokiogopa, mimi nawaambia anzeni na mnachojivunia, mnisamehe nikiongea kama mchungaji lakini nimelipia hili somo kwa mwaka mzima.

Na usidhani nimepona. Jumapili nilikuwa namwelekeza mtu, tukafika kwenye x² = 5x. Nikagawanya pande zote kwa x, nikapata 5, nikairudisha kwenye swali, 25 na 25, nikaandika 100 kwa wino. Yule mwanafunzi akaangalia kidogo, akauliza kama sifuri nayo inaingia.