Anang'ata huku akipuliza: ni mkali tu, au anakunyanyasa?

Mtu anayeishi na mwenzi wa namna hii huwa na mzani kichwani. Wiki hii amenifokea mara mbili, lakini Jumamosi alinipeleka kula samaki. Ameniita mjinga mbele ya mdogo wake, lakini nilipougua alikesha nami. Anaweka mema upande mmoja na mabaya upande wa pili, anaona mema yamezidi, basi anatulia. Mzani huo ndio unaowachelewesha watu miaka. Asiyekuwa na wema hata chembe angeachwa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo usiulize wema wake ni mwingi kiasi gani. Uliza huja wakati gani, na ukija hufanya kazi gani.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Lenore Walker, alieleza mwaka 1979 mzunguko ambao wengi huutambua mara moja: nyumba inajaa ukimya mzito, kisha mlipuko, kisha mapenzi moto. Si kila nyumba hupita hatua zote tatu. Wengine hawaombi msamaha hata siku moja, wanaacha tu kununa, na kule kuacha kununa peke yake kunaonekana zawadi. Wema usiotabirika humfunga mtu kuliko wema wa kila siku. Ukiwa hujui leo atarudi na uso gani, akirudi na tabasamu unapata nafuu kubwa mwilini, na nafuu hiyo ni rahisi kuidhania kuwa ni upendo.

Njia ya uhakika ya kuuona mzunguko wako ni kuuandika, kwa wiki sita hadi nane. Kumbukumbu ya kichwa haitoshi, kwa sababu siku nzuri hufuta ile mbaya. Kila anapofoka au kukudharau, andika tarehe, kilichotangulia, maneno yake kama alivyoyatamka, nani alikuwepo, kilichofuata katika siku mbili, na jambo uliloacha kulifanya baada ya hapo. Mistari mitano au sita inatosha. Usiandike "alinitukana", andika tusi lenyewe. Daftari lisikae nyumbani kama yeye hupekua, wala kwenye simu ambayo anajua namba yake ya siri. Wengine huliacha kazini, wengine kwa dada.

Tuchukue mfano wa kubuni, mama mmoja wa Dar es Salaam mwenye duka dogo la vitenge. Mwisho wa wiki ya nane daftari lake lina matukio kumi na moja. Akiyasoma moja moja, kila moja lina sababu yake: chakula kilichelewa, mtoto alilia, alisahau kununua luku. Akiyasoma kwa pamoja anaona jingine. Saba kati ya hayo kumi na moja yalikuja ndani ya siku moja baada ya yeye kufanya jambo kwa uamuzi wake: kwenda kwenye kikoba, kuzungumza na dada yake kwa muda mrefu, kukataa kutoa pesa ya duka. Luku ilisahaulika mara nne, ila kelele zilitokea mara moja tu, jioni ile aliyotoka kikoba. Neno linalorudi ni "wewe huna akili ya pesa". Kila baada ya mlipuko mkubwa kilikuja kitu, kuku wa kuchoma au maneno matamu usiku, lakini hakuna hata mara moja mume aliporudi kwenye lile neno na kusema nilikosea. Na safu ya mwisho, ya mambo aliyoacha, ndiyo inayosema zaidi: ameacha kikoba, dada anapigiwa simu mume akiwa hayupo, na pesa ya duka sasa hukaa kwa mume. Hakupigwa hata kofi, lakini maisha yake yamepungua.

Hiyo safu ya mwisho ndiyo tunayoiamini kuliko zote. Mtu mkali tu hufoka kwa mambo yoyote, kwa bosi, kwa jirani, kwa foleni ya magari, kisha hasira inaisha na wewe unaendelea na shughuli zako. Anayenyanyasa mara nyingi hujizuia vizuri sana kwa mwenye nyumba na kwa mchungaji au shehe wake, anafoka mlango ukifungwa, na kelele zake huwa na mwelekeo: zinakusogeza mbali na ndugu, pesa na maoni yako. Aliyeweza kujizuia saa tatu mbele ya wageni hakushindwa na hasira wageni walipoondoka.

Sikiliza pia msamaha wake. Msamaha wenye uzito hutaja kosa ("nilikuita mpumbavu mbele ya watoto"), hauna "lakini", na unafuatwa na mabadiliko yanayodumu hata ukiwa umemkasirisha tena. "Nisamehe, ila nawe unajua kunichokoza" unakurudishia mzigo. Vivyo hivyo zawadi inayokuja na "sasa yaishe, usinikumbushe tena" inanunua ukimya wako.

Kuna mambo yanayochanganya. Pombe, kukosa kazi na sonona vinaweza kumfanya mtu awe mkali, na vinahitaji tiba, lakini havielezi kwa nini anadharau mtu mmoja tu. Na kama wote wawili mnafokeana? Tazama nani anamwogopa nani. Palipo na ugomvi wa kawaida, kila mmoja anaweza kusema "hapana" leo na kulala usingizi. Ikiwa unapima hatua zake mlangoni ili ujue jioni itakuwaje, au unafanya mazoezi ya sentensi kabla ya kuomba nauli, huo si ugomvi wa watu wawili sawa. Wanaume nao hupatwa na haya, na daftari ni lile lile.

Shangazi au somo atasema vumilia, mwanangu, kila nyumba ina moshi wake. Anasema kwa mapenzi, lakini ameona kuku wa kuchoma tu, hakuona daftari. Msomee matukio matatu, maneno kamili, kabla hujaomba ushauri. Kwa mshauri wa ndoa nenda kwanza peke yako, kwa sababu utakayoyasema mbele ya mwenzako yanaweza kulipwa nyumbani.

Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inautaja ukatili wa kiakili, si wa kimwili peke yake, kati ya mambo ambayo mahakama inaweza kuyatazama kuona kama ndoa imevunjika. Kwa kawaida shauri la talaka hupitia kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa, na hapo tarehe na maneno kamili husaidia kuliko "ananisumbua". Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, sheria ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa nyumbani inahesabu unyanyasaji wa kihisia na wa maneno, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi.

Akikukaba shingo hata mara moja, akifunga mlango usitoke, akitishia kukuua au kujiua ukiondoka, usisubiri wiki nane. Usimwambie kwamba unaondoka. Toka wakati hayupo, na watoto, vyeti, kitambulisho na nauli, uende kwa mtu ambaye tayari anajua unakuja.